Namna ya kupanga kichwa, picha na maelezo yanayoonekana kiungo cha ukurasa wako kinapotumwa WhatsApp

Karibu kila wiki huletewa swali moja na watu wa Kigoma mjini wanaoanza kutengeneza kurasa za biashara zao: ukurasa uko hewani na unafunguka vizuri, lakini kiungo chake kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp kinatokea kitupu, au kinatokea na neno “Home” pamoja na nembo isiyohusiana na bidhaa yenyewe. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara kuna hatua moja au mbili ninazozisahau. Kwa hiyo nimeona ni vyema niliandike jibu lote mahali pamoja, nikitumia ukurasa wa mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi niliyemsaidia kuurekebisha.

Kile kisanduku chenye picha, kichwa na maneno machache kinachotokea juu ya kiungo nitakiita kadi. Yaliyomo ndani ya kadi huchukuliwa kutoka kwenye mistari maalumu ya HTML inayoitwa tagi za meta, na hasa zile zinazoanza na `og:`, ambazo Facebook iliziasisi mwaka 2010 na ambazo WhatsApp, Telegram na nyinginezo huzisoma pia. Tagi hizi hazionekani kwa mtu anayeusoma ukurasa. Zisipokuwapo, programu hubahatisha kutokana na inachokikuta, na ndiyo maana neno “Home” hujitokeza.

Kuna jambo moja tu la nadharia ambalo ni lazima ulifahamu, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kutolijua. Unapobandika kiungo kwenye WhatsApp, simu yako wewe mtumaji ndiyo inayokwenda kuusoma ukurasa, kuitengeneza kadi na kuifungasha pamoja na ujumbe. Simu ya mpokeaji haiendi popote, inaonyesha kilichofungashwa. Facebook na Telegram hutenda tofauti, kwa kuwa seva zao ndizo zinazousoma ukurasa na kuhifadhi nakala yake kwa muda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji uwezo wa kuhariri faili la HTML la ukurasa wako, iwe ni kupitia File Manager ya kampuni inayokuhifadhia tovuti au kwa njia nyingine unayoitumia kila siku. Unahitaji pia picha moja nzuri ya bidhaa, programu yoyote ya kukata na kupunguza picha, kompyuta ya kukagulia, na simu yenye WhatsApp. Tovuti yenyewe iwe inafunguka kwa `https://` bila kivinjari kutoa onyo la usalama. Kama onyo hilo lipo, lishughulikie kwanza, kwa kuwa programu nyingi zitakataa kuusoma ukurasa na hatua zote zinazofuata zitakuwa kazi bure.

Hatua ya 1: Angalia kilichopo tayari

Fungua ukurasa wako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U ili uone chanzo chake, kisha bonyeza Ctrl+F na utafute `og:`. Usipoona kitu, ukurasa hauna tagi hizo na utaziandika mwenyewe. Ukiona kwamba zipo, usiongeze nyingine juu yake. Tovuti zinazoendeshwa kwa WordPress mara nyingi huwa na programu-jalizi inayoziandika yenyewe, na mtu anapoongeza za kwake kwa mkono ukurasa unakuwa na vichwa viwili na picha mbili. Programu nyingi huchukua picha ya kwanza kuikuta, ambayo aghalabu ndiyo ile usiyoitaka. Katika hali hiyo jaza sehemu za programu-jalizi, au izime, lakini usitumie njia zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya 2: Andaa picha

Kata picha iwe na upana wa pikseli 1200 na kimo cha pikseli 630, uihifadhi kama JPEG, na uhakikishe kwamba uzito wake uko chini ya kilobaiti 600, ambacho ndicho kikomo cha WhatsApp. Mimi hulenga kilobaiti 300 au chini yake, kwa sababu kumbuka kwamba ni simu ya mtumaji inayoipakua picha hiyo. Mtumaji aliyeko mahali penye mtandao hafifu atakuwa amekwisha kubonyeza kitufe cha kutuma kabla picha nzito haijamfikia. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na megabaiti kadhaa, na hilo ndilo kosa la kwanza nililolikuta kwenye ukurasa wa dagaa: picha ilikuwa na megabaiti 4, maneno yalitokea, picha haikutokea.

Zingatia pia ukataji. Kuna sehemu ambapo kadi huonyeshwa kwa upana wote, na kuna sehemu ambapo picha hukatwa ikawa mraba mdogo. Mraba huo kwa kawaida huchukuliwa katikati, maana yake ni kwamba katika picha ya upana wa 1200 kinachobaki ni eneo la kuanzia pikseli ya 285 hadi ya 915 hivi, na pembeni kote kunapotea. Mfanyabiashara wetu alikuwa ameandika jina la duka upande wa kushoto na namba ya simu upande wa kulia, na kwenye mraba vikabaki vipande vya herufi kila upande. Tuliyaondoa maandishi yote, tukaweka ungo wa dagaa katikati, ukiwa umepigwa picha kwa karibu kiasi kwamba mtu anaona samaki mmoja mmoja na rangi yake ya fedha. Maandishi yana nafasi yake kwenye kichwa na maelezo. Picha iachwe ioneshe bidhaa.

Lipe faili jina lisilo na nafasi wala herufi kubwa, kwa mfano `dagaa-1.jpg`. Kwenye seva nyingi `Dagaa-1.JPG` na `dagaa-1.jpg` ni mafaili mawili tofauti, hata kama kwenye kompyuta yako yanaonekana kuwa kitu kimoja.

Hatua ya 3: Andika kichwa na maelezo

Kichwa kisizidi herufi 60 hivi, na maelezo yawe na jambo lake kuu ndani ya herufi 80 za mwanzo, kwa kuwa kinachozidi hapo huweza kukatwa. Tuliandika kichwa “Dagaa wa Kigoma wanaong'aa, kwa jumla na rejareja”, ambacho kina herufi 49 pamoja na nafasi na alama. Kwenye maelezo tulitanguliza kile ambacho mnunuzi wa mbali hukiuliza kwanza: je, dagaa hawa wana mchanga? Kwa hiyo sentensi ya kwanza inasema walikaushwa kwenye vichanja na hawana mchanga, na habari za kufungasha zinafuata.

Usiandike bei. Kadi ya WhatsApp ikishatumwa haibadiliki tena, hata ukiuhariri ukurasa mara kumi, kwa sababu imefungashwa ndani ya ujumbe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na nyakati za mbalamwezi uvuvi hupungua na bei hupanda. Ukiweka bei ya giza kwenye kadi, wiki mbili baadaye mteja wa Tabora atakuonyesha ujumbe uliosambazwa kundi hadi kundi, akidai umuuzie kwa bei ile ile. Bei ikae ndani ya ukurasa, ambako unaweza kuibadilisha.

Hatua ya 4: Weka tagi kwenye ukurasa

Fungua faili la HTML na utafute sehemu inayoanza na `<head>`. Bandika mistari ifuatayo karibu na mwanzo wake, kisha ubadilishe maneno na anwani ziwe zako:

```html
<meta charset="utf-8">
<meta property="og:title" content="Dagaa wa Kigoma wanaong'aa, kwa jumla na rejareja">
<meta property="og:description" content="Wamekaushwa kwenye vichanja, hawana mchanga. Tunatuma kwa gunia au kwa kilo.">
<meta property="og:image" content="https://example.com/picha/dagaa-1.jpg">
<meta property="og:image:width" content="1200">
<meta property="og:image:height" content="630">
<meta property="og:url" content="https://example.com/dagaa.html">
<meta property="og:type" content="website">
<meta name="twitter:card" content="summary_large_image">
```

Mstari wa `charset` ukiwapo tayari, usiurudie. Mstari wa mwisho ni kwa ajili ya mtandao wa X, ili uonyeshe picha pana badala ya ndogo. Kichwa na maelezo, mtandao huo utayachukua wenyewe kwenye tagi za `og:`. Ile mistari miwili ya upana na kimo huisaidia Facebook kuionyesha picha tangu mtu wa kwanza anapokituma kiungo, badala ya kusubiri mpaka iipime yenyewe.

Anwani ya picha ni lazima iandikwe yote, kuanzia `https://` hadi mwisho. Ndani ya ukurasa wa kawaida unaweza kuandika `picha/dagaa-1.jpg` na kivinjari kikaelewa, na kwa hiyo wengi huandika hivyo hivyo hapa, kisha wanashangaa picha haiji. Programu inayosoma tagi haina wajibu wa kukisia anwani iliyobaki.

Onyo ninalolisisitiza zaidi linahusu `og:url`. Mtu akishamaliza ukurasa mmoja huinakili mistari hii kwenye kurasa zake nyingine zote, akabadilisha kichwa na picha, akausahau mstari huo. WhatsApp inaweza kuonyesha kadi sahihi, akaridhika. Facebook, hata hivyo, huichukulia `og:url` kuwa ndiyo anwani halisi ya ukurasa, hivyo huenda kuisoma anwani hiyo na kuleta kadi ya ukurasa mwingine kabisa. Unatuma ukurasa wa migebuka, inakuja kadi ya dagaa. Kila ukurasa uwe na `og:url` yake.

Hatua ya 5: Kagua alama za nukuu

Hatua hii inatuhusu hasa sisi tunaoandika Kiswahili. Tuna ng' katika maneno mengi ya kila siku: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Katika HTML inaruhusiwa kuzungushia maneno kwa alama moja `'` au mbili `"`. Mfanyabiashara wetu alikuwa ametumia alama moja:

```html
<meta property="og:title" content='Dagaa wa Kigoma wanaong'aa, kwa jumla na rejareja'>
```

Kompyuta ilipoifikia ile alama iliyomo ndani ya “wanaong'aa” ilidhani sentensi imekwisha, na kadi ikaandika “Dagaa wa Kigoma wanaong”, basi. Yeye alidhani WhatsApp imekifupisha kichwa chake, akawa anakipunguza maneno kila siku bila mafanikio. Dawa ni kuzungushia kwa alama mbili kila mahali, kama nilivyofanya kwenye hatua ya 4. Ikiwa ndani ya maneno yako mna alama mbili, andika `&quot;` mahali pake.

Kosa la pili la aina hii hutokea mtu anapoandika tagi kwenye simu au kwenye Word, ambako alama zilizonyooka hugeuzwa zikawa zile zilizopinda, `“` na `”`. Kwa macho zinafanana, lakini kwa HTML hizo si alama za nukuu hata kidogo, na tagi nzima hupuuzwa. Zifute na uziandike upya ndani ya kihariri cha kawaida kama Notepad.

Hakikisha pia kwenye kihariri chako kwamba faili linahifadhiwa kwa UTF-8. Ukiona kadi imeandika `wanaongâ€™aa`, ujue alama iliyopinda imeingia ndani ya neno na faili halisomwi kama UTF-8.

Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kutuma kwa watu

Kwanza, nakili anwani ya picha kutoka kwenye tagi, uibandike kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Picha ikifunguka peke yake bila kukutaka uingie popote, iko sawa.

Pili, usome ukurasa kama WhatsApp inavyousoma. Kwenye Windows fungua Command Prompt na uandike mstari huu, ukiweka anwani yako:

```
curl -s -A "WhatsApp/2" https://example.com/dagaa.html | findstr "og:"
```

Kwenye Linux au Mac andika `grep` mahali pa `findstr`. Unatakiwa kuona mistari yako yote ya `og:` kama ulivyoiandika. Amri hii ni ushahidi bora kuliko kuutazama ukurasa kwa macho, kwa sababu inaleta kile kilichotoka kwenye seva bila JavaScript kuwa imefanya kazi. Wasomaji wa tagi kama WhatsApp na Facebook hawaendeshi JavaScript.

Tatu, jitumie mwenyewe kiungo kwenye WhatsApp. Kibandike, kisha usubiri bila kubonyeza chochote mpaka kadi itokee juu ya sehemu ya kuandikia, ndipo utume. Ukiharakisha, ujumbe utaondoka bila kadi hata kama tagi zako hazina kosa lolote.

Hatua ya 7: Ifahamishe Facebook

Ikiwa kiungo kiliwahi kutumwa Facebook kabla hujarekebisha, bado wanayo nakala ya zamani. Ingia kwenye akaunti yako, fungua `developers.facebook.com/tools/debug/`, bandika anwani ya ukurasa, kisha bonyeza `Scrape Again`. Ukurasa huo utakuonyesha kadi mpya pamoja na maonyo yake. Kwa Telegram, mtumie kiungo `@WebpageBot` naye ataisoma upya.

Mambo yakigoma

*Kadi haitokei kabisa.* Jaribu kutumia simu nyingine na mtandao mwingine, ili uondoe uwezekano kwamba tatizo ni mtandao wako. Ikiwa bado, rudia ile amri ya `curl`. Isipoleta mstari wowote, ondoa sehemu ya `| findstr "og:"` na utazame seva inajibu nini. Ukiona `403 Forbidden`, ulinzi wa seva unawazuia wasomaji wasio vivinjari, na itabidi uwaombe wanaokuhifadhia tovuti wawaruhusu `WhatsApp` na `facebookexternalhit`. Ukiona ukurasa mtupu wenye mistari michache na faili la JavaScript, basi tagi zako zinaundwa na JavaScript baada ya ukurasa kufunguka. Ni lazima ziandikwe moja kwa moja kwenye HTML inayotoka kwenye seva.

*Tagi zipo kwenye chanzo, lakini WhatsApp haizioni.* Angalia ziko umbali gani kutoka mwanzo wa faili. WhatsApp husoma kilobaiti 300 za mwanzo tu. Ukurasa wa kawaida hauwezi kufika huko, ila niliwahi kuukuta mmoja ambao mtengenezaji wake alizipachika picha nzima nzima ndani ya mitindo iliyotangulia tagi. Tuliihamisha mistari ya `og:` ikawa mara tu baada ya `charset`, na kadi ikatokea siku hiyo hiyo.

*Maneno yanatokea, picha haitokei.* Tumia amri hii:

```
curl -I https://example.com/picha/dagaa-1.jpg
```

Mstari wa kwanza uwe na 200. Ukiwa na 404, jina au njia ya faili haifanani na ulichoandika kwenye tagi, na mara nyingi ni suala la herufi kubwa na ndogo. `content-type` iwe `image/jpeg`, na `content-length`, ambayo huhesabiwa kwa baiti, isizidi 600000.

*Kadi inaonyesha picha ya zamani.* Ujumbe uliokwisha kutumwa utabaki vile ulivyo, na hakuna namna ya kuugeuza. Kwa ujumbe mpya, simu yako inaweza kuwa imehifadhi kadi ya awali, kwa hiyo jaribu kutuma kiungo ukiwa umeongeza `?v=2` mwishoni mwake. Kadi ikija sahihi, tagi zako ni nzima na kilichobaki ni kumbukumbu ya simu. Na pale unapobadilisha picha yenyewe, usilifute faili la zamani na kuliweka jipya kwa jina lile lile. Lipe jina jipya, `dagaa-2.jpg`, ubadilishe na tagi, kwa sababu wanaohifadhi nakala huitambua picha kwa anwani yake. Lile la zamani liache lilipo.